Asilimia, mg/ml na 1:1000: hesabu ya lignokaini na adrenalini

"Kichupa cha lignokaini kimeandikwa 2%, ampuli ya adrenalini 1:1000, ila oda ni ya miligramu. Nageuzaje bila kukosea?"

Mkuu, yote yanaanzia kwenye gramu. Asilimia ya sindano hizi ni gramu ndani ya ml 100. Kwa hiyo 2% ni gramu 2, yaani mg 2000, ndani ya ml 100. Gawanya kwa 100, unabaki na mg 20 kwa kila ml. Njia ya mkato: zidisha asilimia kwa 10.

Tuseme mgonjwa ana kilo 50 na unatumia lignokaini tupu, kikomo mg 3 kwa kilo. Hiyo ni mg 150: ml 7.5 za 2%, au ml 15 za 1%. Anayesoma 2% kama mg 2 kwa ml atapata ml 75, yaani mg 1500, mara kumi ya kikomo. Hesabu ikikutaka ufungue kichupa cha pili kwa mgonjwa mmoja, rudi kwenye lebo. Mgonjwa akianza kusema midomo inakufa ganzi, masikio yanavuma au mdomoni kuna ladha ya chuma, acha kuchoma hapohapo, maana degedege inaweza kufuata.

Uwiano nao ni gramu 1 ndani ya ml zilizoandikwa. Gawanya 1000 kwa namba ya pili, unapata mg kwa ml. 1:1000 ni mg 1. 1:10,000 ni mg 0.1, 1:200,000 ni mg 0.005, yaani maikrogramu 5. Namba ikikua dawa inapungua nguvu, na hapo ndipo wengi wanateleza. Mg 0.5 ya msuli wa paja kwa mtu mzima mwenye mzio mkali ni ml 0.5 ya 1:1000, lakini ni ml 5 za 1:10,000. Marekani waliondoa uwiano kwenye lebo za adrenalini ya peke yake mwaka 2016 kwa sababu ya mkanganyiko huu.

Sasa unataka ml 20 za lignokaini yenye adrenalini 1:200,000. Maikrogramu 5 mara 20 ni 100, sawa na mg 0.1, sawa na ml 0.1 ya ampuli ya 1:1000. Ivute kwa bomba la ml 1, kwa sababu kwenye bomba la ml 5 alama hiyo haipo na utakuwa unakisia. Ukimwaga ampuli nzima ya ml 1 umeweka mara kumi, na moyo wa mgonjwa utakwenda mbio. Andika mchanganyiko huo kwenye bomba kwa maikrogramu kwa ml, na mwenzako ahesabu upya bila kuoneshwa jibu lako.

Kuzidisha kwa 10 usikupeleke kwenye spiriti: 70% yake ni ml 70 za alkoholi ndani ya ml 100, siyo gramu.