Kuripoti kipimo cha takwimu cha McNemar

“Kabla ya mafunzo akina mama 50 kati ya 120 walitumia chandarua, baadaye 70. McNemar imetoa p = 0.002. Niandike hivyo tu?”

Ndugu, haitoshi. Kwa 50 na 70 pekee msomaji hawezi kurudia hesabu, maana kipimo hiki hulinganisha watu walewale kabla na baada, na kinaangalia waliobadilika tu. Tuseme 30 walianza kutumia na 10 wakaacha. Andika: “Matumizi yalipanda kutoka 42% hadi 58%, ongezeko la pointi 16.7 (masafa ya uhakika ya 95%: 6.8 hadi 26.6); walioanza 30, walioacha 10; McNemar, p = 0.002.” Hao 10 usiwafiche, mimi ningewauliza kwa nini waliacha. Wala usiseme mafunzo ndiyo sababu: bila kundi la kulinganisha, huenda msimu wa mvua uliongeza mbu.