Viazi Vikavu Vilivyoharibu Simulizi ya Mzee

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Kasulu. Anatafsiri simulizi za bibi yake kutoka Kiha kwenda Kiswahili, na amekwama kwenye neno moja tu: mwami, cheo cha mtawala wa Waha. "Kaka, nilibakize lilivyo, nilifafanue, au niandike mfalme yaishe?" Nimesoma swali lake nikiwa hapa Tabora, nikasikia kidonda cha zamani kinatoneshwa.

Miaka kadhaa iliyopita familia moja ilinikabidhi masimulizi ya mzee wao niyatoe kwenye Kinyamwezi niyaweke kwenye Kiswahili. Mzee alikuwa amerekodiwa kabla hajafariki. Wajukuu wake wengi wamekulia Dar es Salaam, Kinyamwezi wanakisikia misibani. Nikasema moyoni, hawa nitawarahisishia. Kila neno nililoona litamkwaza mtoto wa mjini nililiondoa, nikaweka la Kiswahili cha kawaida. Nilipomaliza nilijivuna kweli. Kazi ilikuwa inateleza kama uji.

Ikaitishwa siku ya familia, kurasa zikasomwa kwa sauti. Tukafika safari ya mzee kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Nilikuwa nimeandika hivi: "Wenzangu walikuwa na viazi vikavu, na mimi nilikuwa na viazi vikavu. Usiku ule mvua ilinyesha, hatukuwasha moto. Wao walilala njaa, mimi nikala." Binti yake mkubwa akamkatiza msomaji. "Ngoja kwanza. Kama wote walikuwa na viazi vikavu, baba alikulaje peke yake? Aliwanyima wenzake?"

Ukumbi ukanyamaza. Nikafungua daftari langu, nikaona nilichokifanya. Mzee hakusema viazi vikavu. Alisema wenzake walikuwa na michembe, yeye alikuwa na matobolwa. Michembe ni viazi vitamu vinavyokatwa vibichi na kuanikwa juani, kwa hiyo bila chungu na moto huna chakula. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo vinakatwa na kuanikwa. Unatia mkono mfukoni unatafuna. Mama yake alikuwa amemchemshia makusudi kwa sababu ya safari. Huo ndio uliokuwa moyo wa kisa chote, mapenzi ya mama, na mimi nimeyafuta kwa maneno mawili. Baya zaidi, nimemfanya marehemu aonekane mchoyo mbele ya wajukuu zake.

Mmoja wa vijana wa mzee akasema mbele ya watu wote kwamba baba yao alikuwa anajua kuongea kuliko nilivyomwandika. Sijalisahau neno lile mpaka leo, na alikuwa na haki.

Nikaomba nirudishiwe kazi. Safari hii, kila neno la kwao nililiuliza kwanza: je, kuna jambo lolote kwenye kisa linalosimama juu ya neno hili? Likiwepo, neno linabaki, na ufafanuzi wake unakuja mapema, kabla msomaji hajauhitaji. Sehemu ile ikawa: "Mama alinichemshia viazi, akavikata na kuvianika vikawa matobolwa, chakula kisichohitaji moto. Wenzangu walibeba michembe, ambayo hukaushwa mibichi na lazima ipikwe. Usiku ule mvua ilinyesha, hatukuwasha moto. Wao hawakuwa na cha kula, nami nikawagawia matobolwa yangu mpaka yakaisha." Ile kugawia sikuiongeza mimi. Ilikuwemo kwenye sauti ya mzee. Niliiruka mara ya kwanza kwa sababu haikuingia akilini jinsi watu wenye chakula wanavyogawiwa chakula. Ndugu msomaji, ukiona sentensi ya chanzo haikai sawa kwenye tafsiri yako, usiitupe. Rudi nyuma utafute neno ulilolibadilisha vibaya.

Sasa usije ukadhani dawa ni kubakiza kila kitu. Neno lililonisumbua kuliko yote lilikuwa ikulu. Kwa Wanyamwezi ikulu ni makazi ya mtemi, na mzee alisema kijana mmoja alipelekwa ikulu kwa kosa la kuiba asali. Nikaliacha kama lilivyo. Nikampa mpwa wangu wa kidato cha pili asome, kisha anisimulie alichokielewa, bila mimi kusema kitu. Akasema, "Mjomba, mwizi wa asali anapelekwa kwa Rais?" Msomaji wa leo ana neno hilo tayari, lakini kwake ni nyumba ya Rais. Hapo kulibakiza ni kumpoteza, na yeye hata hajui kama amepotea. Nikaandika "makazi ya mtemi" kila mahali. Kwa hiyo mpe mtu asome akusimulie. Ukimuuliza kama ameelewa, atakujibu ndiyo.

Mtemi mwenyewe nikambakiza, na ufafanuzi mfupi mara moja tu, pale anapotokea kwanza: "mtemi, mtawala wa jadi wa Wanyamwezi." Mwanzoni nilikuwa nimeandika chifu. Chifu linamletea msomaji picha ya mtu wa serikali ya mkoloni, anayelipwa na kukusanya kodi, cheo kilichofutwa kisheria mwaka 1963. Kubadilisha neno ni kutoa maoni. Nyerere, aliyesoma hapahapa Tabora, alijua hivyo: alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, mwaka 1969 angeweza kuwaita wale watu wa Venisi wafanyabiashara, akachagua mabepari. Yeye alikusudia. Mimi na chifu wangu sikukusudia chochote, na hapo ndipo kosa lilipo.

Kubadilisha nilikotumia bila majuto ni kwenye salamu. Mzee anakutana na watu njiani, wanaambiana mwangaluka, anaendelea na safari. Hakuna kinachosimama hapo. Nilijaribu shikamoo, lakini shikamoo inadai marahaba na inapanga nani mkubwa nani mdogo, jambo ambalo mzee hakulisema. Nikaandika "tukasalimiana asubuhi ile," basi.

Na jamani, msiweke ufafanuzi kinywani mwa mtu anayeongea. Nilikuwa na mahali ambapo mama anamwambia mwanawe, "Chukua matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa." Mama gani wa Kinyamwezi anamfafanulia mwanawe matobolwa? Ufafanuzi ni kazi ya msimulizi, ukae kwenye sentensi iliyotangulia, kisha mama aseme tu, "Chukua matobolwa haya, usiwaoneshe watu njiani."

Dada yangu wa Kasulu, nije kwako. Mwami usimwite mfalme. Heru, hapohapo kwenu, ilitawaliwa na mwami Theresa Ntare, mwanamke. Ukiandika mfalme, msomaji anaona mwanaume. Ukiandika malkia, wengi wataona mke wa mfalme. Hakuna neno la Kiswahili linalombeba sawasawa, na kwa ulivyoniambia bibi yako anamtaja karibu kila kisa. Neno linalorudi mara nyingi msomaji atalizoea ifikapo ukurasa wa tatu, kwa hiyo libakize, ulifafanue mara moja kwa maneno yasiyozidi matano: "mwami, mtawala wa Waha." Upatanisho ufuate Kiswahili, mwami alisema, mwami wetu. Halafu tafuta mtoto asiyejua Kiha, umsomee ukurasa wa kwanza, umwache akusimulie. Akisema mwami ni jina la mtu, ufafanuzi wako umechelewa. Usogeze juu, kabla mwami hajafungua kinywa.