Usizime Secure Boot kabla hujaziandika zile tarakimu 48

"Wakuu, nina laptopu ya mtumba, Windows 11, diski ya GB 512. Nataka kuweka Ubuntu pembeni. Fundi kaniambia nizime Secure Boot kwanza, kisha diski nitaigawa wakati wa kusimika. Ni sawa? Nifanyeje Windows ndiyo ianze nikiwasha?"

Mkuu, acha hivyo hivyo, usiguse kitu. Huyo fundi wako kama si yule wangu basi ni pacha wake.

Windows 11 nyingi huja diski ikiwa imeshafungwa kwa msimbo na hakuna anayekuambia. Mtu akiingia tu na akaunti ya Microsoft wakati wa kuiandaa, kazi imeisha: diski imefungwa, na ufunguo wa tarakimu 48 umetunzwa kwenye akaunti yake. Yake nani? Kwenye laptopu yangu ya mtumba alikuwa kijana wa dukani aliyeiandaa ili "ije tayari kaka, wewe ni kutumia tu". Nikatumia kweli.

Fundi akazima Secure Boot. Kuwasha, skrini ya buluu inadai tarakimu 48. Hapo bado nilikuwa salama, na ndicho kinachoniuma hadi leo: mara nyingi ukirudisha Secure Boot ilivyokuwa, Windows hufunguka yenyewe. Ile chipu ya TPM hugoma kutoa ufunguo kwa sababu imeona mazingira ya kuwasha yamebadilika, yakirudi, inakubali. Lakini bingwa wetu akasema "tufute TPM, ianze upya", akaenda kwenye mipangilio akabonyeza Clear TPM, nami nimesimama pembeni naitikia kama mjumbe wa kamati. Kilichofutwa ndicho kilichokuwa kinafungua diski. Kuanzia hapo ni tarakimu 48 au hakuna kitu. Dukani yule kijana alishaondoka, na akaunti aliyotumia hakuna anayeijua. Picha za harusi na hesabu za biashara bado zimo kwenye diski ile, salama kabisa, hata mimi mwenyewe siwezi kuziona. Fundi alidai hela yake ya ufundi, na nililipa. Cheka tu.

Na hiyo Secure Boot hakukuwa na haja ya kuizima. Ubuntu inawaka nayo ikiwa imewashwa tangu toleo la 12.10, mwaka 2012.

Kwa hiyo sasa hivi, wakati Windows yako bado inafunguka, fungua Terminal kama Administrator uandike:

```
manage-bde -status C:
manage-bde -protectors -get C:
```

Ya kwanza ikisema Fully Decrypted, una bahati. Ikisema Encrypted, ya pili itakuonyesha tarakimu 48 chini ya Numerical Password, hata kama akaunti iliyoandaa mashine si yako. Ziandike kwenye daftari. Si kwenye faili ndani ya laptopu hiyo hiyo, tafadhali. Kisha:

```
manage-bde -off C:
powercfg /h off
```

Ya kwanza inafungua diski. Inachukua muda, na unaweza kurudia `-status` hadi Percentage Encrypted isome 0.0%. Ya pili inaondoa Fast Startup, ambayo huifanya Windows ilale nusu badala ya kuzima, na Linux ikigusa diski ya namna hiyo faili huweza kuharibika.

Baada ya hapo ipunguze C: ukiwa ndani ya Windows, si kwenye kisimikaji cha Ubuntu. Andika `diskmgmt.msc`, bofya C: kwa kitufe cha kulia, Shrink Volume, weka 102400, yaani GB 100. Ikikupa kidogo wakati nafasi unayo tele, kuna faili zisizohamishika zimekaa katikati ya diski: zima kwa muda System Restore na pagefile, washa upya, jaribu tena. Ile nafasi inayobaki Unallocated usiiumbize, iache ilivyo, Ubuntu itaijaza yenyewe.

Windows kuanza kwanza ni rahisi: ukimaliza kusimika, ingia BIOS upandishe Windows Boot Manager juu ya ubuntu. Ukiitaka Ubuntu, bonyeza F12 wakati wa kuwasha kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Ila kubadilisha huo mpangilio nako kunaweza kuileta ile skrini ya buluu kama diski bado imefungwa, ndiyo maana nakwambia daftari kwanza.

Na ukiamua baadaye kuifunga diski tena kwa kuogopa wezi, jua ufunguo unatengenezwa mpya. Zile 48 za mwanzo hazitafungua tena, endesha `-protectors -get` uandike nyingine.