Usiposti hiyo linki

Swali: "Wakuu, riwaya yangu nimeikuta imewekwa PDF kwenye chaneli ya Telegram, na tovuti mbili zinasema unaipata bure. Kesho naposti picha za skrini Facebook na linki zake ili watu waripoti. Je, ni sawa?"

Usiposti. Futa hata hiyo rasimu uliyoandika kwa hasira.

Mimi niliposti. Kuna bwana mmoja aliyejiita mtaalamu wa masoko ya vitabu, nilimlipa kabisa, akaniambia "piga kelele kaka, wasomaji watakuonea huruma, watanunua". Huruma nilipata, tena nyingi, na emoji za kulia. Chini ya posti yangu watu wakaanza kuuliza "hiyo chaneli inaitwaje?" na jina lilikuwa linasomeka vizuri kwenye picha niliyoweka mwenyewe. Wanachama wa chaneli wakaongezeka mbele ya macho yangu. Admini alinitumia ujumbe kunishukuru kwa tangazo, na nakiri alikuwa na adabu kuliko yule mtaalamu, ambaye simu yangu hapokei hadi leo.

Lakini hasara kubwa si wasomaji wa bure. Hasara ni kwamba nilimshtua admini. Telegram wenyewe wanasema hushughulikia malalamiko ya hakimiliki kwa vitu vilivyo wazi kwa umma, kama chaneli na boti. Mazungumzo na magrupu ya kuingia kwa mwaliko si vitu vya wazi kwa umma. Sasa admini akiona kelele anafanyaje? Anafuta posti, anahamishia mafaili kwenye grupu la kuingia kwa mwaliko, mchezo umekwisha. Nilipokuja kuandika malalamiko, linki zilikuwa zinafungua ukurasa mtupu. Ushahidi wangu ukabaki ile picha iliyomtangaza.

Kwa hiyo nyamaza, na usimwandikie admini hata "naomba uondoe". Kwanza kusanya. Linki ya chaneli peke yake haitoshi. Chukua linki ya kila posti yenye faili, ile yenye jina la chaneli na namba mwishoni, yaani hivi:

```
https://t.me/jina_la_chaneli/123
```

Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe, jina la faili na idadi ya walioitazama. Kisha andika kwa dmca@telegram.org. Sheria ya Marekani ya 1998, hiyo DMCA, ndiyo iliyozoesha kampuni za mtandao mtindo huu wa notisi, na inataka mambo ya kawaida tu: kazi ni ipi, imewekwa wapi hasa, wewe ni nani na unapatikanaje, kauli kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayana ruhusa, kauli kwamba taarifa ni sahihi na kwamba wewe ndiye mwenye haki au umeruhusiwa naye, ukijua kuwa uongo hapo ni kosa, halafu sahihi yako. Matusi hayamo kwenye orodha, nilihakikisha.

Hizo tovuti mbili, kabla hujazilalamikia, jaribu kitu. Kwenye kisanduku chao cha kutafuta andika jina la kitabu ambacho hakipo duniani, tunga upuuzi wowote. Ikijibu kwamba nacho kipo, tayari kupakuliwa, basi hawana kitabu chako wala cha mtu mwingine. Wanachovua ni namba za kadi za benki au kukubandika virusi. Usibonyeze "pakua" eti unahakiki. Hapo nenda kwenye fomu ya Google ya kuondoa matokeo kwa sababu ya hakimiliki. Tovuti haitafutika, ila anayetafuta jina la kitabu hatauona huo ukurasa kwenye matokeo ya Google.

Kingine, faili limetokea wapi? Kama unauza PDF kwa WhatsApp kama nilivyokuwa nauza, unatuma faili lilelile kwa kila mtu, basi huwezi kujua nani kalivujisha. Weka jina na namba ya simu ya mnunuzi chini ya kila ukurasa kabla ya kumtumia. Anayejua kazi ataifuta, sikatai. Ila wengi wanaovujisha si wezi wa kujipanga, ni mtu kamrushia shemeji yake, shemeji karusha kwenye grupu la kikoba. Akiona namba yake mwenyewe pale chini, kidole kinasita.

Na notisi usiitume kwa barua pepe yako ya kila siku, kwa sababu nakala inaweza kumfikia aliyelalamikiwa, jina na anwani zikiwemo. Jina liwe lako halisi, hata kama unaandika kwa jina la kalamu, lakini barua pepe fungua mpya na anwani weka ya sanduku la posta. Fanya hivyo leo usiku, maana kama umeshamdokeza mtu yeyote kuhusu hiyo chaneli, admini naye yuko Facebook.