Milioni 16 mkononi, au mkandarasi wa bima?

*Shangazi, shikamoo. Hitilafu ya umeme iliunguza jiko na nusu ya paa la nyumba yetu hapa Tabata. Kampuni ya bima imetuambia tuchague: mkandarasi wao atengeneze, au tuchukue fedha. Karatasi ya mkadiria hasara inasema kazi ni milioni 20, wanatoa milioni 3 za uchakavu na milioni 1 ya mchango wetu, zinabaki 16. Fundi wetu anasema 15 zinamtosha. Mume wangu anataka fedha. Mimi nasita, na hati ya kusaini iko mezani.*
*Mama wa watoto watatu*

Marahaba, mwanangu. Hati hiyo iache hapo hapo mezani kwanza. Ukishaisaini umekiri kwamba umelipwa yote unayodai kwa moto huo, na kitakachogundulika baadaye ni chako. Ukiwa na mkandarasi wa bima, akifungua dari akakuta kenchi imeungua kwa ndani, gharama ya nyongeza anaipeleka kwa kampuni. Ukiwa na fedha, fundi wako anakuletea wewe. Hapo ndipo penye uzito wa uamuzi wenu, zaidi ya hiyo milioni moja anayoiona baba watoto.

Na moto huficha mengi. Mimi nilichukua fedha baada ya jiko langu kuungua, nikapiga rangi, nikafurahi. Mwezi wa pili taa za chumba kilicho jirani na jiko zikaanza kuzimika zenyewe. Fundi alipovuta waya juu ya dari, plastiki yake ilipukutika mkononi kama maganda ya karanga. Chumba kile hakikuguswa na moto. Joto tu lilipita juu. Nilibadilisha nyaya zote kwa fedha yangu, kwa kuwa nilishasaini.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, panda juu na fundi umeme, apime nyaya za nyumba nzima, si za jikoni peke yake, kwa mega, kile kipimo kinachoonyesha kama plastiki ya waya bado inazuia umeme. Bati ambazo hazikutoboka nazo zitazame: zilizopauka na kufubaa kwa joto huenda zimepoteza zinki, zitashika kutu mapema. Gonga plasta kwa mpini wa nyundo. Panapolia kama debe tupu, imeachana na tofali. Kila mnachokiona kipigwe picha, kiandikwe, kipelekwe kwa mkadiria aongeze kwenye orodha yake.

Sasa mrudieni fundi wenu na orodha hiyo hiyo, mstari kwa mstari. Mara nyingi bei ya fundi ni ya bati, mbao na ufundi wake. Tuseme nyaya mpya ni milioni 2.2 na kubeba kifusi ni laki 6, naye hakuzihesabu: 15 yake imekuwa 17.8. Mnatoa milioni 1.8 mfukoni, na hapo hakuna jipya lililogundulika. Kwa mkandarasi wao mngetoa ile milioni 1 ya mchango, ilimradi wathibitishe kwa maandishi kwamba uchakavu hawatawadai.

Huo uchakavu nao uulizie. Soma mkataba wenu: kama nyumba imekatiwa bima kwa thamani ya kujenga upya, makato hayo hayana mahali pa kukaa kazi ikishafanyika. Wanaweza kuyazuia mpaka mtengeneze, kisha wawalipe. Uliza pia kama milioni 20 ina kodi ya ongezeko la thamani. Kama haina, ni asilimia 18 ambayo mtailipa dukani ndani ya bei ya bati na saruji. Ombeni irudishwe mkionyesha risiti za mashine.

Fedha zina faida pale uharibifu wote unapoonekana kwa macho, au mnapotaka kubadilisha ramani ya jiko, au mkandarasi wao hatoi tarehe ya kuanza. Kama nyumba ina mkopo wa benki, ulizeni kwanza hundi itaandikwa jina la nani.

Kwa mlivyo sasa, nyaya hazijapimwa na dari halijafunguliwa, mimi ningemchukua mkandarasi. Lakini si kwa macho yaliyofumbwa. Apewe tarehe ya kuanza na kumaliza, aandike unene wa bati atakazoweka, na karatasi ya kuridhika na kazi msiisaini mpaka mega ipimwe tena na mvua moja kubwa inyeshe juu ya paa hilo. Mume wako akishikilia fedha, basi mwombe kitu kimoja: kampuni iandike kwenye hati kwamba uharibifu wa moto utakaoonekana dari likifunguliwa bado unadaiwa. Wakikataa kuandika sentensi hiyo, mwonyeshe jibu lao.