TVA imelipwa banki lakini kwa DGI haionekani: bodero yako inasema nini hasa?

Swali: «Nina kenkayeri ndogo huku Lubumbashi. TVA ya mwezi wa saba nililipa banki tarehe 13 mwezi wa nane, bodero ninayo mkononi. Leo ofisini wananiambia mwezi wa saba bado nina deni. Nilipe tena ndipo nidai baadaye? Na mara ingine nilipe namna gani?»

Usilipe tena, ndugu. Kwanza toa hiyo bodero uisome mstari kwa mstari, hasa pale palipoandikwa kipindi. Nikipiga ramli bila kuiona, nasema imeandikwa mwezi wa nane.

Kosa hili huzaliwa hivi. TVA ya mwezi mmoja hutangazwa na kulipwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo mauzo ya mwezi wa saba unayalipia mwezi wa nane. Mtu wa gishe anaona tarehe ya siku ile, anaingiza 08, wewe unaangalia kiasi tu na kashe, unatoka. Pesa imefika kwenye kompte ya Hazina bila shida. Lakini kwenye hesabu yako DGI mwezi wa saba umebaki mtupu, na mwezi wa nane umelipiwa kabla hata deklarasyo yake haijatoka. Hakuna aliyeiba, malipo yamekaa chumba kisicho chake.

Tuchukue hesabu ili tuelewane. Tuseme mwezi wa saba uliuza bidhaa za faranga 12 500 000 bila kodi. Kwa 16% ulikusanya TVA ya 2 000 000. Kwenye fakturi za wauzaji wako ulilipa TVA ya 1 380 000 ambayo unaruhusiwa kuitoa. Kinachobaki ni 620 000, na ndicho kiasi kinachopaswa kusomeka sawasawa katika karatasi mbili: deklarasyo na uthibitisho wa banki. Ofisini hawalinganishi kiasi peke yake. Wanatafuta vitu vinne vinavyokwenda pamoja: namba ya mlipakodi (NIF), aina ya kodi, kipindi, na karatasi unayolipia. Kimoja kikikosewa, 620 000 yako haipati mwenyewe.

NIF ina herufi moja mwanzoni, tarakimu saba, kisha herufi moja mwishoni. Hiyo herufi ya mwisho ndiyo watu huisahau, au wanaiandika kwa mkono hadi I inasomeka 1 na O inasomeka sifuri. Iandike kwa herufi kubwa, na ukiwa na nakala ya cheti cha NIF mpe mtu wa gishe aitazame mwenyewe badala ya kumtajia kwa mdomo kwenye kelele. Jina nalo liwe lile la kwenye NIF. Kama duka limesajiliwa kwa jina la kampuni, usiandike jina lako kwa sababu tu wewe ndiye uliyebeba pesa. Jina lako linaingia pale pa mtu aliyeleta.

Karatasi unayolipia ndiyo inayokupa rejeo. Kodi ya kila mwezi unailipia deklarasyo, hivyo rejeo ni deklarasyo pamoja na kipindi chake. Lakini DGI wakikuletea AMR, yaani karatasi ya kudai iliyo na namba yake, ni namba hiyo ya AMR inayokwenda banki. Ukilipa deni la AMR ukaandika tu «TVA mwezi wa saba», AMR inabaki wazi na inaendelea na safari yake. Ni vilevile kwa DGRAD, idara inayokusanya mapato mengine ya serikali yasiyo kodi: pale unalipia noti ya persepsyo, na namba ya noti ndiyo kila kitu. Usichanganye noti mbili katika malipo moja eti upunguze foleni.

Kuhusu kiasi, shida kubwa ni wanaolipa kutoka kompte ya dola. Deklarasyo iko kwa faranga. Banki inabadilisha kwa kiwango chake, inakata ada yake, na kama ada imetoka ndani ya pesa yenyewe, kinachofika Hazina ni, kwa mfano, 617 500. Faranga 2 500 zinazopungua ni kidogo, ila mwezi unabaki haujafungwa. Agiza kwa maandishi kwamba 620 000 kamili zifike, na ada zikatwe kando. Ukihamisha pesa kutoka banki moja kwenda nyingine, usingoje tarehe 14, maana agizo la kuhamisha si pesa iliyofika.

Kwenye gishe, kabla ya kashe, omba kusoma kile alichoingiza kwenye kompyuta. Banki na idara za mapato zimeunganishwa kwa mfumo wa ISYS-REGIES, hivyo kilichoandikwa pale ndicho kitakachosomwa upande wa pili, hata kama karatasi yako ya mkono ilikuwa sahihi. Kabla hajathibitisha, kusahihisha ni dakika moja. Baada ya hapo ni barua.

Na barua hiyo ndiyo kazi yako wiki hii. Rudi banki, uombe waandike kuthibitisha malipo: tarehe, kiasi, namba ya muamala, NIF, na kwamba kipindi kilichoingizwa ni 08 badala ya 07. Kisha mwandikie resevere wa kituo chako cha kodi, umwombe ayahamishe malipo hayo kwenye kipindi cha mwezi wa saba. Ambatisha nakala ya deklarasyo yenye kashe ya kupokelewa, nakala ya bodero, na ile barua ya banki. Peleka nakala mbili za barua. Moja wanabaki nayo, nyingine wanakupigia kashe na tarehe, unarudi nayo. Bodero halisi usiiache mezani kwa mtu yeyote. Waonyeshe, wailinganishe na nakala, irudi mfukoni.

Angalia pia kama deklarasyo yenyewe ilipokelewa kufikia tarehe 15. Kulipa na kutangaza ni vitu viwili. Mtu aliyelipa tarehe 13 akapeleka deklarasyo tarehe 20 amechelewa, na adhabu ya kuchelewa kutangaza haizuiwi na bodero.

Kutunza sasa. Bodero nyingi huchapwa kwenye karatasi laini inayofifia kwa joto. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari, baada ya miezi michache ni karatasi nyeupe. Piga fotokopi siku ileile, na picha kwenye simu ukaitume pia kwa kontabule wako. Bana pamoja kwa kila kipindi, si kwa tarehe ya kulipa: deklarasyo, uthibitisho wa banki, na ukurasa wa hesabu ya banki unaoonyesha pesa ikitoka. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria yake ya uhasibu inataka vielelezo vitunzwe miaka 10. Utakayemkuta akihangaika ni yule anayeomba cheti cha hali ya kodi kwa ajili ya soko la serikali, naye anaambiwa alete bodero ya mwezi mmoja wa miaka mitatu nyuma.

Ukishaipeleka barua, kabla ya deklarasyo ya mwezi wa nane waulize kama uhamisho umefanyika. Ukilipa mwezi wa nane mpya wakati ule wa zamani bado umekaa pale, utakuwa na malipo mawili kwenye mwezi mmoja, na hapo mtu wa ofisini ataanza kuuliza ni lipi la kweli.