Je, sumu ya kipindupindu "hufunga" protini G?

"Mwalimu, shikamoo. Nawafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kwenye mialo ya Ziwa Albert, na wengi wao ni Wakongomani, kwa hiyo tunatumia Kiswahili. Niliandika hivi: 'Sumu ya kipindupindu hufunga protini G ikiwa imewashwa, ndiyo maana seli za utumbo hupoteza maji mengi.' Mwenzangu aliyetoka Bunia anasema sentensi yangu inamaanisha protini imezimwa. Nani yuko sahihi? – Muuguzi, Hoima"

Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako ameshinda, na hata yeye amekuhurumia, kwa sababu sentensi hiyo ina makosa matatu, si moja.

Tuanze na "funga". Mswahili hufunga mlango, hufunga mbuzi, hufunga Ramadhani, na timu yake hufunga mabao. Lakini kitenzi hiki kikikaribia kitu kinachopitisha maji, sauti au umeme, maana yake huelekea upande mmoja tu. Ukiambiwa "funga bomba", maji yanakatika. Ukiambiwa "funga redio", kelele zinakwisha. Fundi wa umeme naye akisema amefunga swichi, ana maana ameipachika ukutani. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayesikia ulichotaka kusema, yaani kitu kimeng'ang'ania hali ya kuwaka. Kosa hili si dogo, kwa kuwa linageuza ugonjwa wenyewe. Msomaji ataelewa kwamba sumu imezima kitu mwilini, kumbe imekiwasha na kukinyima nafasi ya kuzimika.

Kosa la pili limejificha kwenye "ikiwa". Ulikusudia "ikiwa katika hali ya kuwashwa", lakini masikioni mwa wengi "ikiwa" ni "kama". Kwa hiyo sentensi inasikika hivi: sumu huishika protini kama imewashwa, na kama haijawashwa huiacha. Sivyo mambo yalivyo. Sumu haikai ikisubiri protini iwake ndipo iishike. Huibadilisha, na tangu hapo protini ikishawaka, imewaka.

Sasa tuitazame protini yenyewe, maana kitenzi kinachofaa kinatoka huko. Protini G (sisi tuliosoma kwa Kiingereza twaitamka "ji", na mwenzako wa Bunia huenda akaisoma kwa Kifaransa) hukaa upande wa ndani wa utando wa seli. Ikiwa imezimwa hushika molekuli iitwayo GDP. Homoni fulani ikigusa kipokezi kilicho nje ya seli, protini huiachia GDP na kushika GTP, nayo ikawaka. Ikiwaka huamsha kimeng'enya cha jirani kinachotengeneza cAMP, na cAMP ndiyo tarishi anayepeleka amri ndani ya seli. Hadi hapo ni swichi ya kawaida. Ajabu yake ni kwamba swichi hii haimsubiri mtu aje kuizima. Ina mkasi wake yenyewe. Baada ya sekunde chache huikata GTP, ikabaki GDP, na taa ikazimika. Kwa neno moja la Kiswahili, protini G hujizima.

Mkasi huo ndio unaoharibiwa na sumu. Kipande kimoja cha sumu, kinachoitwa A1, kikishaingia ndani ya seli huchukua sehemu ya molekuli ya NAD na kuibandika kwenye protini G, mahali palepale penye kijisehemu chake kiitwacho arjinini, kinachosaidia kuikata GTP. Protini inaendelea kushika GTP kama kawaida, ila haiwezi tena kuikata. Isitoshe, A1 ni kimeng'enya: ikimaliza protini moja huenda kwenye nyingine, kwa hiyo sumu kidogo hutosha kuiharibu seli nzima.

Hapa Kiswahili kinakupa kitu ambacho lugha nyingi hukitafuta kwa sentensi ndefu. Tuna "haizimwi", tuna "haizimiki", na tuna "haijizimi". Ukisema "haizimwi", umesema hakuna anayeizima, labda kwa uvivu au kwa kusahau. Ukisema "haizimiki", umesema jitihada zote zimeshindwa. Si uongo, lakini hujaeleza kilichoharibika. Ukisema "haijizimi", kile kiambishi "ji" kinabeba somo zima: kazi ya kuzima ilikuwa ya protini yenyewe, na ndiyo iliyopotea. Ningekuwa wewe, ningelishika hilo la tatu nisiliachie.

"Kukwama" je? Halina ubaya. Gari likikwama kwenye tope halisogei, lakini mwenye boda akikwambia akseleta imekwama, huwezi kudhani kwamba pikipiki imesimama, bali unaruka pembeni. Kwa hiyo "imekwama inawaka" itaeleweka, mradi usiiache "imekwama" peke yake. Na "kuwaka" ni kitenzi kizuri kwa wasikilizaji wako wa Uganda. Mganda anayenunua umeme wa Yaka ananunua kitenzi hichohicho bila kujua, kwa sababu "yaka" ya Kiganda na "waka" yetu ni ndugu wa tumbo moja.

Kuna sababu nyingine ya kulikwepa "hufunga". Sumu ya kifaduro nayo hubandika kipande hichohicho cha NAD kwenye protini G, lakini protini yake ni ya aina nyingine, ile ambayo kazi yake ni kukipunguza kasi kimeng'enya cha cAMP. Hiyo huzuiwa isiwake. Moja ni akseleta iliyokwama, nyingine ni breki iliyokatwa. Ukiandika "hufunga" kwa zote mbili, wanafunzi wako hawatazitenganisha kamwe. Andika kwamba sumu ya kipindupindu huizuia protini isijizime, na ya kifaduro huizuia protini isiwake.

Kosa la tatu ni "seli hupoteza maji". Hili ndilo ninalolikuta kila mahali, hata kwenye mabango. Anayesikia hivyo huona seli zikisinyaa kama nyanya juani. Lakini maji yanayomtoka mgonjwa hayakuwa akiba ya seli za utumbo. Yanatoka kwenye damu na kwenye majimaji yanayozunguka seli za mwili, yakapita penye ukuta wa utumbo hadi ndani yake. Seli ni mlango, si ghala.

Wala hakuna pampu ya maji. Kinachosukumwa ni chumvi. cAMP ikijaa, hufungua mifereji iitwayo CFTR kwenye uso wa seli, hasa zile zilizo katika vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo, na kloridi ikamwagika ndani. Sodiamu huifuata kwa kupita katikati ya seli na seli, kisha maji yanaifuata chumvi. Wakati huohuo cAMP hiyohiyo hupunguza ufyonzaji wa kawaida wa chumvi, kwa hiyo yanayomwagika hayarudi. Kitenzi cha maji hapa ni "kufuata".

Usishawishike pia kuandika "utumbo unavuja". Kinachovuja kina tundu, na katika kipindupindu ukuta wa utumbo hautobolewi wala haupati vidonda. Ndiyo maana kinyesi ni maji meupe kama yale yaliyooshewa mchele, hakina damu, na homa kwa kawaida haipo au ni ndogo. Mhudumu wako akiona damu na homa kali afikirie kuhara damu, ambako ukuta kweli umejeruhiwa. Neno "kuvuja" lingemfanya aitafute damu mahali ambapo haipo.

Kiasi chenyewe kinaeleza kwa nini kitenzi dhaifu hakifai. Mchukue mvuvi mwenye kilo 60. Siku yake ya kawaida, lita 8 au 9 hivi hupita katika utumbo wake, zikiwemo alizokunywa na zile zilizotolewa na mwili wenyewe kama mate na nyongo, na karibu zote hufyonzwa tena. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa lita moja kwa saa. Akiachwa hivyo, baada ya saa 6 ameondokewa na lita 6, yaani sehemu moja katika kumi ya uzito wake: macho yameingia ndani, ngozi ikifinywa hairudi upesi, mapigo ya kifundo cha mkono hayashikiki. Kwa utaratibu wa kawaida wa dripu ya Ringa, mtu mzima wa uzito huo aliyefikia hali hiyo hupewa lita 1.8 katika nusu saa ya kwanza na lita 4.2 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Ukiandika "hupungukiwa maji kidogo kidogo", umemdanganya anayeshika saa.

Mwenzako atakuuliza swali moja zaidi, najua: kama swichi haijizimi, ORS inasaidiaje? Jibu ni kwamba ORS haigusi swichi. Kuna mlango mwingine kwenye seli, unaopokea sodiamu na glukosi zikiwa pamoja, na sumu haiuharibu. Ndiyo maana pakiti ina sukari na chumvi kwa vipimo: lita moja ya ORS ya sasa ina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi. Maji huifuata chumvi kurudi mwilini, kwa kitenzi kilekile. Dawa ya kuua bakteria nayo hupunguza siku za kuhara kwa kukata chanzo cha sumu, lakini seli zilizokwisha kupata sumu haiziponyi. Hizo huondoka zenyewe, kwa kuwa seli za ukuta wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache, nazo mpya huja na mikasi yao mizima. Kwa hiyo usiandike kwamba ORS "huzima kipindupindu". Andika "hurudisha maji na chumvi".

Mimi ningeiandika sentensi yako hivi: "Sumu ya kipindupindu huizuia protini G isijizime. Ikishawaka hubaki inawaka, seli zikaendelea kumwaga chumvi ndani ya utumbo, na maji ya mwili yakaifuata." Ni ndefu kuliko yako, lakini kila kitenzi kina mwenyewe. Msomee yule wa Bunia kwa sauti, kisha muulize maji yalitoka wapi. Akikujibu "kwenye seli", niandikie tena, tutaifumua upya.